Kusoma Joto la Chuma kwa Rangi Yake, Hadi Kugumisha Tindo

Mhunzi asiye na kipimajoto hufanya kazi kwa macho, na kazi nyingi humruhusu akosee kidogo. Ukifua ndoano ya mlango, tofauti ya nyuzi 80 haitakuharibia kitu. Lakini unapotaka kugumisha makali ya tindo, nafasi uliyo nayo ni nyembamba. Chini ya nyuzi 770 hivi chuma hakitagumika ipasavyo hata ukikichovya mara ngapi, na ukikipitisha nyuzi 900 na kukiacha huko, kitagumika lakini kitakatika kwa pigo la kwanza. Nafasi hiyo yote imo ndani ya rangi moja ambayo watu wengi huiita tu “nyekundu”.

Kwa hiyo mwongozo huu haukupi orodha ya majina ya rangi ukaikariri. Majina hayo humsaidia tu mtu aliyekwisha kuziona rangi zenyewe. Nitakuonyesha namna ya kulifunga jicho lako kwenye alama za joto zisizobadilika, kisha tutazitumia kugumisha tindo moja iliyofuliwa kutokana na springi ya gari. Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi.

Kwanza, kile ambacho jicho linaona

Kitu chochote kigumu kikipata joto la kutosha hutoa mwanga, na mwanga huo hutokana na joto lenyewe. Mwaka 1847 mwanasayansi John William Draper alionyesha kwamba vitu vigumu huanza kuwaka wekundu hafifu kwenye joto moja, takriban nyuzi 525. Sehemu kubwa ya mnururisho unaotoka kwenye chuma cha joto hilo jicho haliioni kabisa, ila unausikia usoni kama fukuto. Kinachofika kwenye jicho ni ukingo mdogo tu wa mnururisho huo, na ukingo huo huanzia upande wa nyekundu. Joto likipanda, manjano huingia juu ya nyekundu, kisha rangi nyingine zote, hadi chuma kinaonekana cheupe.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kazini. Kwa kuwa makaa, matofali ya tanuri na chuma huwaka karibu rangi ileile vikiwa na joto lilelile, chuma kilichofikia joto la makaa yanayokizunguka hupotea machoni. Kingo zake hazionekani tena. Ukiona chuma ni cheusi ndani ya makaa mekundu, bado kinapokea joto. Ukikiona kinang’aa kuliko makaa ya kando yake, ujue upepo wa mvukuto unakipiga moja kwa moja na sehemu hiyo inapata moto zaidi ya nyingine.

Mwangaza nao una habari yake. Joto likipanda kwa nyuzi 50, rangi hubadilika kidogo sana, lakini nguvu ya mwanga huongezeka sana. Mhunzi anaposema “rangi imefika”, mara nyingi anasoma mwangaza kuliko rangi, na jicho ni hakimu dhaifu wa mwangaza kwa sababu hujirekebisha kulingana na mazingira. Ndiyo maana hatua ya kwanza inahusu taa na kivuli kabla ya kugusa moto.

Hatua ya 1: Tengeneza kivuli kisichobadilika

Chagua mahali penye kivuli kizito, ambapo unaona vizuri zana zako lakini huwezi kusoma maandishi madogo bila taa. Jua lisiingie kwa mlango wala dirisha kuelekea kwenye moto. Chuma cha nyuzi 650, ambacho kivulini kina wekundu usio na shaka, ukikitoa juani saa sita mchana kitaonekana kijivu tu. Tofauti hiyo humdanganya mhunzi upande mmoja kila mara: anayefanyia kazi kwenye mwanga mwingi huona chuma kina baridi kuliko kilivyo, anazidi kukichochea, na anakipitisha joto bila kujua. Anayegumisha usiku wa giza nene hufanya kinyume chake, anakitoa mapema kikiwa hakijafika.

Zaidi ya kiasi cha giza, kinachohitajika ni uthabiti. Alama utakazojifunza leo zina maana tu katika mwanga wa leo. Ukihamisha tanuri au ukafungua ukuta mmoja, rudia mazoezi ya hatua ya tatu na ya nne kabla ya kuamini jicho.

Vaa miwani ya kinga isiyo na rangi. Miwani ya kivuli hubadilisha kila unachokiona, kwa hiyo ihifadhi kwa kazi ya kuunganisha vyuma motoni, ambako mng’ao unaumiza macho. Na usikodolee moto. Jicho lililotazama kitovu cha makaa kwa muda huona chuma kuwa cheusi kuliko kilivyo. Tazama pembeni, vuta chuma nje kidogo, kisome kwa haraka, kirudishe.

Kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote kwa kazi ya kugumisha. Chukua kipande cha bomba la chuma lisilopakwa zinki, lenye upana wa kuingiza kazi yako kwa nafasi, uzibe ncha moja kwa kuipondaponda, kisha ulilaze katikati ya makaa. Chuma unachogumisha kinaingia ndani ya bomba hilo. Hapo makaa hayakigusi, upepo haukipigi, joto linakijia kutoka pande zote, na wewe unaona rangi tupu bila ndimi za moto kupita mbele yake.

Hatua ya 2: Pita ngazi nzima mara moja

Chukua fimbo ya chuma laini cha kawaida, unene wa kidole, na uitie motoni polepole. Lengo la mara hii ya kwanza ni kuzoea mpangilio.

Kwenye giza kabisa utaona mwako wa kwanza kati ya nyuzi 500 na 550, wekundu hafifu ambao mwangaza mdogo wa taa unaufuta. Kufikia 600 au 650 chuma kina rangi ya damu ya mzee, na hata kivulini unaiona bila kujitahidi. Kwa chuma chenye kaboni nyingi hapa tayari ni pa kuacha nyundo, maana kukipiga kikiwa katika joto hili au chini yake ni kukitafutia nyufa. Kati ya 700 na 750 wekundu unakuwa mzito na kamili. Kuanzia 770 hadi 830 unakuwa wekundu wa wazi, mchangamfu, na hapa ndipo kazi ya leo ilipo. Karibu na 900 wekundu huanza kuchukua chungwa, na kufikia 950 au 1000 ni chungwa lisilo na ubishi. Kutoka 1050 hadi 1150 chungwa linageuka manjano, na hiyo ndiyo sehemu ambayo chuma kinafulika kwa raha, kinafuata nyundo bila kushindana nayo.

Kuanzia 1200 manjano yanapauka kuelekea weupe, na magamba yaliyo juu ya chuma huanza kuonekana yameloa. Chuma laini huunganishwa katika joto hilo na la juu yake kidogo, hadi karibu 1300. Cheche nyeupe zikianza kuruka kutoka kwenye chuma chenyewe, kinaungua. Usichanganye na cheche za makaa, ambazo ni nyekundu na huelea, ilhali za chuma huruka kwa ghafla na kupasuka. Chuma chenye kaboni nyingi huungua mapema kuliko chuma laini, na kilichoungua hakitengenezeki. Kata sehemu hiyo uitupe.

Ngazi hii chukua kama ramani ya jumla. Watu wawili wanaotazama chuma kimoja wanaweza kutofautiana kwa nyuzi 50 katika kukitaja, na wote wakawa hawajakosea kwa macho yao.

Hatua ya 3: Alama ya kwanza, sumaku

Chuma hupoteza tabia ya kuvutwa na sumaku kikifika nyuzi 770. Hii ni tabia ya chuma yenyewe, haibadilishwi na mwanga wa chumba wala uchovu wa macho, na kwa hiyo ni alama nzuri ya kuanzia.

Funga sumaku ndogo kwenye waya na uining’inize karibu na tanuri, mbali na mwali. Usiigandishe kwenye chuma chenye moto, kwa sababu sumaku yenyewe hudhoofika ikipata joto. Chukua fimbo ya chuma laini, itie motoni, na kila inapobadilika rangi kidogo itoe uisogeze kwenye sumaku. Mwanzoni sumaku itarukia. Baadaye itavutwa kivivu. Kisha utafika mahali haijali kabisa kwamba chuma kipo. Rangi unayoiona katika dakika hiyo, katika kivuli chako, ndiyo nyuzi 770 zako. Itazame. Rudisha motoni, acha ipoe, rudia hadi uweze kusema “sasa” kabla ya kusogeza sumaku, na sumaku ikakubaliana nawe.

Mambo mawili huwapoteza watu hapa. La kwanza, pima kila mara joto likiwa linapanda. Chuma chenye kaboni kikishapita mpaka huo na kuanza kupoa, huchelewa kurudia hali yake ya awali, na kinaweza kubaki bila kuvutwa na sumaku hata kikiwa kimeshuka hadi nyuzi 700 au chini yake. Ukipima kikiwa kinapoa utasoma joto ambalo halipo tena.

La pili, nimesema utumie chuma laini kwa sababu maalumu. Katika feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kugumika, mpangilio wa ndani hubadilika kuanzia takriban nyuzi 730, na ule mpangilio mpya hauvutwi na sumaku hata kidogo. Kwa hiyo feleji yenye kaboni ya asilimia 0.8 inaweza kuiacha sumaku mapema kuliko chuma laini, chini ya 770. Anayedhani sumaku humwambia nyuzi 770 kwa kila chuma atagumisha feleji yake kabla haijafika. Sumaku ikiachia, joto la kuchovya bado liko mbele yako.

Hatua ya 4: Alama ya pili, chumvi

Chumvi safi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Ni nyuzi 31 tu juu ya alama ya sumaku, na umbali huo mdogo ndio unaoifanya iwe na thamani: inakuonyesha kwa macho yako jinsi nyuzi 30 zinavyofanana.

Kaanga chumvi kidogo kwenye kikaango kikavu hadi iache kupasuka, kwa sababu unyevu uliomo ndani ya chembe huzirusha zikigusa chuma cha moto. Chumvi yenye mchanganyiko wa madini mengine usiitumie hapa, kwani huyeyuka mapema. Pasha moto kipande chakavu cha ubapa hadi rangi uliyoizoea kwa sumaku, kitoe, kikwangue haraka kwa brashi ya waya, na unyunyizie chembe chache. Zikibaki kavu na nyeupe, hujafika. Rudisha motoni, panda kidogo, jaribu tena. Ukifika nyuzi 801 chembe zitalegea, zitaungana na kuwa tone angavu linalotambaa juu ya chuma. Fanya haraka, maana uso wa chuma hupoteza joto mara tu unapotoka motoni, na jitenge na moshi wake.

Sasa fanya zoezi ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu. Weka vipande viwili motoni pamoja, kimoja ukifikishe kwenye rangi ya sumaku na kingine kwenye rangi ya chumvi, uvitoe na kuvishika sambamba kivulini. Utashangaa ni tofauti ndogo kiasi gani, na bado ukishaiona mara kadhaa huisahau. Joto la kugumisha springi ya gari ni kama nyuzi 830, yaani ukichukua hatua nyingine ndogo kama ile uliyoiona kati ya sumaku na chumvi, umefika.

Chumvi hula chuma. Vipande vya majaribio vitashika kutu upesi, basi usiijaribu kwenye tindo yenyewe. Kwa upande wa juu wa ngazi, kipande kifupi cha waya wa shaba huyeyuka nyuzi 1085, pale chungwa linapogeuka manjano. Fanya hivyo nje ya makaa na kwenye chuma cha kutupa, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka hupenya kwenye feleji ya moto na kuipasua.

Hatua ya 5: Kivuli kinachopita ndani ya chuma

Kama ungeniambia nichague ishara moja tu, ningeacha sumaku na chumvi nikachukua hii, kwa sababu feleji yenyewe ndiyo inayokuambia.

Chukua kipande cha springi kilichokwanguliwa hadi kikawa kisafi, kiingize kwenye bomba lako motoni, na upunguze upepo ili joto lipande polepole. Kikifika wekundu mzito, katika eneo la nyuzi 730 na kidogo juu yake, mpangilio wa ndani huanza kubadilika, na badiliko hilo hunywa joto. Kwa muda mfupi moto unaoingia hautumiki kuongeza mwangaza. Utaona sehemu nyembamba zimekwisha kuwa angavu, huku utusitusi ukisogea kutoka kingo kuelekea katikati. Pale utusitusi ulipo, badiliko bado linaendelea. Ukitoweka kabisa na rangi ikawa moja tangu ncha hadi unene, badiliko limekwisha. Kivuli kikipotea, panda kidogo na usizidi.

Ukikitoa nje kikapoa hewani kwenye giza, utaona jambo hilo kinyume. Chuma kinafifia, kinafifia, kisha mahali fulani chini ya nyuzi 700 kinang’aa tena kwa sekunde chache, kwa sababu joto lililonywewa sasa linatolewa. Likikuonekania vizuri, kivuli chako ni kizuri na jicho lako liko tayari. Chuma laini kina kaboni kidogo na kivuli chake ni hafifu sana, ndiyo maana zoezi hili linataka feleji.

Hatua ya 6: Tindo ya springi, mwanzo hadi mwisho

Springi bapa za gari kwa kawaida zina kaboni ya karibu asilimia 0.6, nyingi zikiwa na kromiamu kidogo, nazo hugumika zikichovywa kwenye mafuta. Lakini chuma chakavu hakina cheti. Kabla ya kufua tindo, kata vipande viwili au vitatu vyembamba kutoka kwenye springi ileile. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia kama umesoma rangi sawasawa.

Tindo yetu ina urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 2 na unene wa sentimita 1, na ncha imefuliwa hadi ukingo wenye unene wa milimita 3. Ifue ikiwa kati ya chungwa na manjano, na irudishe motoni inapoingia wekundu. Umbo likishakamilika, ipashe hadi wekundu wa wazi, iache ipoe hewani hadi isiwe na rangi yoyote, na urudie mara tatu. Joto kubwa la kufulia huzikuza chembe za ndani za chuma, na mizunguko hii huzirudisha kuwa ndogo. Hiyo pia ni mizunguko mitatu ya kukitazama kivuli kikipita kabla ya ule wa kweli.

Andaa mafuta ya kula, lita 4 hivi, kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, nje au mahali pa wazi pasipo vitu vya kushika moto. Yapashe hadi nyuzi 50 au 60, kiasi cha kushindwa kuweka kidole kwa muda, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole zaidi. Weka mfuniko karibu: mafuta yakiwaka, unafunika. Maji usiyalete kabisa karibu nayo.

Anza na kipande cha majaribio. Kifikishe kwenye rangi yako, kichovye, na kikipoa kiweke kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa, kivunje kwa nyundo. Tazama uso wa mvunjiko. Ukiwa wa kijivu, laini, usio na vimemeteshi, ulisoma joto sawasawa. Ukimetameta kama sukari, ulipita. Chembe zimekua, nawe sasa unajua kwamba kile unachokiita wekundu wa wazi kiko juu mno. Kikipinda badala ya kuvunjika, hukufika. Fanya hivi na vipande vyako vyote, kimoja ukikusudia kukipitisha hadi chungwa, ili uone kwa mkono wako kile unachokikwepa.

Sasa tindo. Unachogumisha ni sentimita 5 za mwisho za ncha tu. Kichwa kinachopigwa na nyundo kiache laini, maana kichwa kigumu hurusha vipande. Tatizo la tindo ni kwamba ukingo ni mwembamba kuliko mwili, nao utafika mapema na kupita wakati mwili bado uko nyuma. Iingize kwa namna ambayo ukingo unapita sehemu yenye moto mkali na kutulia mbele yake, huku unene wa nyuma yake ndio unaopokea joto. Joto litatembea lenyewe hadi kwenye ukingo.

Tazama utusitusi ukisogea. Sumaku ikiacha kuvuta, endelea. Utusitusi ukiisha, fikisha rangi ya chumvi, kisha ile hatua ndogo zaidi, na uishike hapo kwa upepo mdogo kwa dakika moja au mbili bila kuruhusu rangi kupanda. Itoe kidogo uijaribu: ikififia haraka sana nje, ndani bado kuna baridi na ulikuwa unasoma ngozi tu. Ikidumu na rangi yake kwa muda kabla pembe hazijaanza kufifia, joto limeingia hadi katikati.

Ichovye ikiwa wima, ncha chini, bila kusita njiani. Ipandishe na kuishusha taratibu ili usiache mstari mkali kati ya sehemu iliyogumika na isiyogumika, na usiizungushe kwa kando, itapinda. Ikiacha kuchemsha mafuta na ukaweza kuikaribia kwa mkono, pitisha tupa kwenye pembe ya ncha. Tupa iliyo kali inapaswa kuteleza. Ikiuma, usikimbilie kupasha tena. Piga tupa mara chache mahali palepale, kwa kuwa ngozi ya juu hupoteza kaboni motoni na huwa laini. Ikianza kuteleza chini ya ngozi hiyo, umefaulu. Ikiendelea kuuma, joto lilikuwa chini, na unaweza kurudia mzunguko mzima.

Hatua ya 7: Rangi nyingine, za joto dogo

Tindo iliyotoka kwenye mafuta ni ngumu na ina ukavu wa kuvunjika. Lazima ugumu upunguzwe siku hiyohiyo, na hapa utasoma rangi za aina nyingine kabisa. Hizi hazitokani na mwako. Ni utando mwembamba wa oksidi unaojengeka juu ya chuma kisafi, na mwanga ukiupiga huutia rangi kulingana na unene wake. Kwa sababu hiyo zinahitaji mwanga mzuri, sio kivuli. Sogea karibu na dirisha.

Sugua ncha kwa msasa hadi ing’ae, na usiiguse kwa vidole vyenye mafuta. Pasha moto mwili wa tindo, nyuma ya sehemu uliyogumisha, na uache joto litembee. Utaona manjano ya majani makavu karibu na nyuzi 220, kisha hudhurungi karibu na 260, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Rangi hizi husafiri kuelekea ncha kwa mstari, na zikikaribia huenda kwa kasi kuliko unavyotarajia. Kwa tindo ya kukatia chuma, subiri zambarau ya ukingoni ianze kugeuka buluu, kisha izamishe majini mara moja. Ubaridi huo haugumishi tena, unasimamisha tu joto lisiendelee.

Utando huu hutegemea pia muda. Chuma kilichokaa saa nzima kwenye nyuzi 240 kitaonyesha rangi ya joto la juu zaidi ya lile kilichopata. Kwa kazi ya dakika chache motoni viwango nilivyotaja vinatosha.

Mahali jicho linapoishia

Magamba meusi yanaweza kufunika chuma chenye joto kubwa kikaonekana kimefifia, kwa hiyo brashi ya waya iwe mkononi kabla ya kusoma. Chuma kilichopakwa zinki kisiingie motoni kabisa: zinki huchemka nyuzi 907, na moshi wake mweupe humtia mtu homa. Alumini haitoi onyo lolote la rangi katika chumba chenye mwanga, inayeyuka nyuzi 660 ikiwa bado ina rangi ya fedha. Na kuna feleji za zana zenye madini mengi mchanganyiko ambazo hutaka zaidi ya nyuzi 1000 na kushikiliwa hapo kwa muda kamili. Hizo zahitaji tanuri lenye kipimajoto cha waya, nami nisingezigumisha kwa jicho hata baada ya mazoezi haya yote. Bunduki ya kupimia joto kwa mbali nayo isikudanganye, kwani nyingi za bei nafuu huishia chini ya joto la kugumisha, na zote husoma tofauti kwenye chuma kinachong’aa na chenye magamba.

Noa tindo yako na ukate nayo fimbo ya chuma laini. Ukingo ukimeguka vipande vidogo, bado ni mgumu mno: sugua tena, na safari hii iache ifike buluu kamili. Ukijikunja, uliulegeza kupita kiasi au haukugumika, na tupa itakuambia ni lipi kati ya hayo: jaribu sehemu ya nyuma ya ukingo, sentimita moja ndani. Ikiuma kwa urahisi kote kama inavyouma mwili usiogumishwa, kosa lilikuwa kwenye wekundu, na unarudi hatua ya sita. Ikiuma kwa shida, kosa lilikuwa kwenye buluu. Hapo pia unarudi kwenye wekundu na kuichovya upya, kwa sababu ugumu uliokwisha kulegezwa haurudi bila kuchovya, lakini safari hii unasimamisha utando mapema, kwenye zambarau.